Ndugu, Mheshimiwa au jina tu?

Mfanyabiashara wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi anataka kumwandikia barua pepe Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Aanzeje? Mkurugenzi ni mtumishi wa umma, kwa hiyo “Ndugu Mkurugenzi,” inatosha. “Ndugu” haibagui mwanamume na mwanamke, nayo inafaa hata kama humjui anayeshika kiti. Nakala ikienda kwa Meya au diwani, hao ni viongozi wa kuchaguliwa, waandikie “Mheshimiwa”. “Mpendwa” iache: hapa itasikika kama ya kanisani au ya wapenzi.

Tuseme amejibiwa na ofisa uvuvi, aliyesaini majina mawili na cheo. Sasa jina linajulikana, basi ni “Bwana” au “Bi” na jina la mwisho. Kama jina halionyeshi jinsia, baki na “Ndugu”. Ofisa akianza kusaini jina la kwanza peke yake, mkiwa rika moja nawe waweza kumwita hivyo. Akiwa mkubwa kwako, usikimbilie, subiri akuruhusu. Na barua ikinakiliwa kwa bosi wake, rudi kwenye cheo, maana sasa wasomaji ni wawili.