Maji ya Ziwa Tanganyika yanayokwenda na kurudi

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na upana wake wa wastani ni kama kilomita 50 tu. Umbo hili ndilo chanzo cha jambo tutakalolieleza. Upepo wa kusi unapovuma mfululizo kutoka kusini, husukuma maji ya juu kuelekea Uvira na pwani yote ya kaskazini, na uso wa ziwa huinama kidogo. Upepo ukitulia, maji yaliyorundikana hurudi kusini, hupita usawa wake, kisha huja tena kaskazini, kama maji ya beseni lililotikiswa. Kimo cha mwendo huo ni kidogo, na kwa macho hupotea ndani ya mawimbi ya kawaida. Lakini kipindi chake, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, kinaweza kukokotolewa.

Kabla ya hesabu, ilipasa ijulikane kama ziwa limefungwa upande wa kaskazini. Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwaka 1858 wakitumaini kwamba mto Rusizi hutoka ziwani na kuelekea kaskazini. Wenyeji waliwaambia kwamba mto huo huingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika mlangoni mwake na kuona kwamba wenyeji walisema kweli. Kwa hesabu yetu maana yake ni kwamba, tukiacha kando maji machache ya mto, hakuna maji yanayovuka mwisho wa ziwa.

Wakati huo Ulaya ilikuwa na kanuni moja tu ya kukokotoa kipindi hicho. Mwaka 1828 J. R. Merian wa Basel alichukua chombo chenye kina sawa kila mahali na kupata kipindi T = 2L/√(gh), ambapo L ni urefu, h ni kina na g ni kani ya mvutano wa dunia kwa kila kilo. Kwa kanuni hiyo mtikisiko wa pili, ambao una mafundo mawili yasiyopanda wala kushuka, lazima uchukue nusu kamili ya muda wa kwanza. F.-A. Forel alipopima Ziwa Geneva kwa miaka mingi alipata dakika 73 na nusu kwa wa kwanza na dakika 35 na nusu kwa wa pili, chini kidogo ya nusu. Katika Loch Earn ya Uskoti vipimo vilikuwa dakika 14.5 na 8.1, juu ya nusu. Mtu angeweza kulaumu saa au vyombo, lakini kosa la vyombo lisingevuta ziwa moja chini na jingine juu kila mara. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba kina cha ziwa si sawa, na umbo la sakafu ndilo linaloamua uwiano huo.

George Chrystal, profesa wa hisabati wa Edinburgh, alilichukua wazo hilo mwaka 1905. Tufuate njia yake kwa ziwa lenye upana usiobadilika. Tuite u kiasi cha maji yanayopita katika sehemu fulani ya ziwa. Mahali ambapo maji yanayoingia yanazidi yanayotoka, uso hupanda. Na mahali ambapo uso umeinama, maji husukumwa. Ukiunganisha sheria hizi mbili unapata g·h·u″ + ω²u = 0, ambapo u″ ni mabadiliko ya mteremko wa u na ω ni 2π/T.

Sasa sakafu iwe imepinda kama bakuli: h = H(1 − x²), ambapo x = 0 ni katikati ya ziwa, x = 1 ni mwisho wa kaskazini na x = −1 ni mwisho wa kusini. Mlinganyo unakuwa (1 − x²)u″ + cu = 0, na c = ω²a²/(gH), ambapo a ni nusu ya urefu wa ziwa.

Ugawe kwa 1 − x², na kigawe cha u kinakuwa c/(1 − x²). Pale x = 0 hakuna tatizo lolote, kwa hiyo katikati ya ziwa ni nukta ya kawaida, na jibu linaweza kuandikwa kama mfululizo wa vipeo: u = a₀ + a₁x + a₂x² + a₃x³ na kuendelea. Tatizo liko x = 1 na x = −1, ambako kina kinakuwa sifuri. Mfululizo una hakika ya kuwa na jumla hadi hapo tu, yaani mpaka kwenye pwani yenyewe.

Ukitafuta u″ kutoka katika mfululizo huo, namba inayosimama mbele ya xⁿ ni (n+2)(n+1)aₙ₊₂. Katika x²u″ namba inayosimama mbele ya xⁿ hiyohiyo ni n(n−1)aₙ, na katika cu ni caₙ. Kwa kuwa jumla yote ni sifuri kwa kila x, lazima namba ya kila kipeo iwe sifuri peke yake: (n+2)(n+1)aₙ₊₂ − n(n−1)aₙ + caₙ = 0. Hapo ndipo inapotoka kanuni ya kurudia:

aₙ₊₂ = [n(n−1) − c] aₙ / [(n+2)(n+1)]

Kanuni inaruka hatua mbili. Kwa hiyo a₀ inazaa vipeo shufwa peke yake, na a₁ inazaa vipeo witiri peke yake. Hizo mbili za mwanzo tunazichagua wenyewe, na nyingine zote zinafuata.

Tujaribu c = 3 na a₀ = 1. Tunapata a₂ = −1.5, a₄ = 0.125, a₆ = 0.0375, na namba zinazoendelea kupungua bila kukoma. Ukizijumlisha zote pale x = 1, jumla inakaribia −0.27. Hesabu haina kosa, lakini inasema kwamba maji yanapita ndani ya pwani ya Uvira, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo c hii haifai.

Jaribu c = 2. Mara hii a₂ = −1, na a₄ ni sifuri kwa sababu n(n−1) pale n = 2 ni 2 pia. Mfululizo umekatika: u = 1 − x², na pwani zote mbili zina sifuri kama inavyotakiwa. Kwa c = 6 upande wa witiri unakatika vilevile: u = x − x³. Baada ya hapo huja 12, 20, na kadhalika. Ziwa haliruhusu c nyingine zozote.

Vipimo vya kina vilivyochukuliwa na msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1946–1947, na vingine vya baadaye, vinatuwezesha kuweka namba. Kina cha wastani ni kama mita 570. Bakuli lenye umbo letu na wastani huo lina kina cha katikati cha mita 855. Kanuni T = πL/√(cgH) inatoa saa 4.5 kwa c = 2 na saa 2.6 kwa c = 6. Merian angetoa saa 5.0 na 2.5. Mwaka 1957, katika matokeo ya msafara huo, F. Servais alichapisha utafiti wa kinadharia wa mitikisiko huru ya ziwa hili.

Bakuli letu ni rahisi kupita kiasi. Ziwa halisi lina mabonde makuu mawili yaliyotenganishwa na kizingiti, na bonde la kusini linafikia mita 1,470. Kwa hiyo saa 4.5 ni makadirio, na uwiano wa 0.58 kati ya vipindi viwili utasogea kadiri sakafu halisi inavyotofautiana na bakuli. Bado umbo la uso linaonyesha nini cha kutafuta. Uso hufuata mteremko wa u. Kwa c = 2 ni mstari ulionyooka: maji yakiwa juu bandarini Kalundu, kaskazini, yako chini kwa kiasi hichohicho Mpulungu, Zambia. Kwa c = 6 uso hufuata 1 − 3x²: ncha mbili hupanda pamoja, katikati hushuka nusu ya kiasi hicho, na fundo la kaskazini liko kilomita 142 hivi kutoka mwisho wa ziwa.

Kipimo kinachoandika kimo cha maji kila dakika 10 katika ncha zote mbili kingetosha kuitenganisha mitikisiko hii. Kingeitenganisha pia na mambo mawili yanayochanganywa nayo: kupanda kwa ziwa kwa sababu ya mvua, ambako huchukua miezi na miaka na hutokea ncha zote kwa pamoja, na wimbi la ndani kati ya maji ya joto ya juu na maji baridi ya chini, ambalo huchukua wiki kadhaa kwa sababu tofauti ya uzito kati ya tabaka hizo ni ndogo sana, na kani inayolirudisha ni dhaifu vilevile.