Raba za kukimbia za kaguwa: usitazame soli peke yake
Wengi wakinunua raba ya kukimbia ku kaguwa, wanageuza kwanza soli. Ikiwa bado na meno, wanalipa. Ni kweli, mawe ya volkano ya Goma yanakula soli haraka, lakini mara nyingi kinachokufa kwanza ni sponji ya katikati, ile inayopunguza kishindo. Kwa kawaida inafikisha kilomita 500 mpaka 800. Ukikimbia kilomita 20 kwa juma, 500 zinaisha kwa majuma 25. Na raba ya kaguwa ilishatembea zingine hakuna anayezijua.

Ifinye kwa kidole gumba: sponji nzima inabonyea na kurudi, iliyokufa ni ngumu, ubavuni imejaa mikunjo. Iweke juu ya meza, itazame kwa nyuma. Ikilala upande mmoja, iache, hata kama bei ni ya bure.

Ijaribu jioni, wakati mguu umevimba kidogo, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Tazama pia kisigino kimeinuka namna gani kupita vidole: aliyezoea milimita 10 akivaa ya 4, mshipa wa nyuma ya kisigino unavutwa sana. Huyo aanze na mbio fupi.