Riwaya ya Ijumaa Hadi Ijumaa

Riwaya ya Rajaa al-Sanea, Banat al-Riyadh, yaani Mabinti wa Riyadh, ilichapishwa Beirut mwaka 2005, na mwanzoni ilizuiwa Saudia. Wengi wanaikumbuka kwa kelele zile. Hapa tutazame umbo lake, maana limebadilisha mwendo wa kusoma.

Riwaya imekatwa vipande vya barua pepe. Msimulizi asiyetaja jina lake anatuma barua moja kila Ijumaa, kuanzia mwaka 2004, kwa watu asiowajua. Wakati huo mapumziko ya wiki Saudia yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Yalihamishiwa Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013. Kwa hiyo barua ilifika siku ya mwisho ya mapumziko, na kesho yake watu walirudi kazini na masomoni wakiwa na la kuzungumza.

Sisi tumezoea mwendo mwingine. Utenzi pia husimulia kisa kirefu kwa vipande vifupi: ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani 8. Utendi wa Tambuka, wa Pate, 1728, una beti zaidi ya 1,000. Lakini kina cha mwisho cha kila ubeti ni kilekile tangu mwanzo hadi tamati. Msikilizaji hupumua kidogo tu, kisha kina kinamvuta mbele katika kisa kilekile.

Barua za Riyadh hufanya kinyume. Marafiki ni wanne. Tunaanza na harusi ya Gamra, kisha anakwenda Marekani na mumewe. Kabla hatujajua ndoa itaishaje, tunapelekwa kwa Sadim, kwa Mishel, au kwa Lamis, ambaye jina la ukoo wake, Jeddawi, linatuonyesha asili ya Jeddah. Tunapomrudia Gamra, ndoa inabomoka, naye anarudi Riyadh akiwa mjamzito na ameachwa. Pengo lile limetupa nafasi ya kumhukumu kabla hatujasikia habari yote, kama majirani wanavyofanya.

Pengo pia linawapa wasomaji wa ndani ya riwaya muda wa kujibu. Barua nyingi zinaanza kwa msimulizi kuwajibu waliomtukana au kumsifu wiki iliyopita. Hasira yao ni sehemu ya kisa, na inahitaji siku saba ili ichemke.

Hapo ndipo kitabu kina hasara yake. Ukikimaliza kwa usiku mbili, mwaka mzima unabanwa, na majibu yale yanaonekana porojo za kurukwa. Dalili ni hii: ukianza kuwachanganya mabinti, umekwenda mbio. Kila barua ina tarehe juu yake, isome. Kisha soma barua mbili au tatu, ufunge kitabu, umwache Gamra akungoje.