Kwa nini mwenye faida nyingi hakopi? Historia fupi ya ugomvi wa wataalamu wa mtaji



Juzi kulizuka hoja hapa kwamba kampuni yenye akili hukopa, maana serikali inaisaidia kulipa riba. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya hadithi. Mie mwenyewe niliishika kwa miaka mingi, mpaka nilipokaa nikasoma maandiko ya wataalamu kwa kufuata miaka yao. Naomba niwasimulie nilivyoielewa.

Tuanzie 1958. Franco Modigliani na Merton Miller, walimu wa chuo kimoja cha Pittsburgh, Marekani, waliandika makala iliyowashangaza wengi. Walisema kwamba kama hakuna kodi, hakuna gharama za kufilisika, na kila mtu anajua sawa na mwenzake, basi thamani ya kampuni haibadiliki hata ikikopa au isikope. Keki ni ile ile, unaikata vipande tofauti tu. Watu wengi huishia hapo wakacheka. Kumbe faida ya makala ile ni kutuonyesha pa kutafuta: kama deni lina maana yoyote, basi inatoka kwenye kodi, au kufilisika, au tofauti ya habari. Ugomvi wote uliofuata unazunguka hayo matatu.

Mwaka 1963 wenyewe walirudi kusahihisha suala la kodi. Wakati ule kampuni kubwa za Marekani zilitozwa asilimia 52 ya faida, lakini riba ilitolewa kwanza kabla ya kodi kukatwa. Hebu tupige hesabu. Kampuni mbili, kila moja imepata dola 1,000,000. Ya kwanza haina deni: inalipa kodi 520,000, wenye hisa wanabaki na 480,000. Ya pili imekopa 4,000,000 kwa riba ya asilimia 5, yaani 200,000 kwa mwaka. Kodi inakatwa kwenye 800,000 zilizobaki, ambayo ni 416,000. Mkopeshaji anachukua 200,000 zake, wenye hisa 384,000. Jumla ni 584,000. Zile 104,000 za ziada hazikutoka kwenye biashara, zimetoka mfukoni mwa serikali. Hii ndiyo kinga ya kodi, na hii ndiyo nusu ya hadithi niliyoisema.

Sasa, ukiifuata hesabu hiyo mpaka mwisho, kila kampuni ingekopa mpaka shingoni. Mbona hazifanyi hivyo? Jibu lililokuja, na ambalo Kraus na Litzenberger waliliweka katika hesabu kamili mwaka 1973, ni kufilisika. Kila ukiongeza deni unapata kinga ya kodi, lakini unasogelea shimo. Basi kampuni hupima, na husimama pale ambapo dola ya mwisho ya kinga inalingana na hasara inayotarajiwa ya kufilisika. Mie naiita nadharia ya mizani.

Mizani hii ilipendeza, lakini ikaja taabu. Mwaka 1977 Jerold Warner alichapisha uchunguzi wa kampuni 11 za reli za Marekani zilizofilisika kati ya 1933 na 1955. Alijumlisha malipo ya mawakili, wahasibu na mahakama. Ukizilinganisha na thamani ya kampuni miaka saba kabla ya kufilisika, gharama zilikuwa kama asilimia 1 tu. Miller, mwaka huo huo, akatania kwamba kupima kodi kubwa namna ile dhidi ya gharama ndogo namna hii ni sawa na mchuzi wa farasi mmoja na sungura mmoja. Kwa haki, Warner hakuhesabu wateja wanaokimbia wala wafanyakazi hodari wanaoondoka, na hasara hizo huwa kubwa zaidi. Hata hivyo mizani ilikwisha kuyumba.

Na kuna jambo zito zaidi. Kwa mujibu wa mizani, anayepaswa kukopa sana ni mwenye faida nyingi: ana kodi kubwa ya kukinga na shimo liko mbali naye. Lakini ukiangalia hesabu za kampuni, tena na tena wenye faida nyingi ndio wenye deni dogo. Kinyume kabisa!

Hapo ndipo anapoingia Stewart Myers mwaka 1984. Alikumbusha uchunguzi wa Gordon Donaldson wa 1961, aliyewauliza wakubwa wa makampuni wanapataje fedha. Wengi walianza na faida yao wenyewe. Isipotosha, wanakopa. Hisa mpya ni za mwisho kabisa. Myers akaupa mpangilio huu jina la desturi ya kuku kudonoana kwa ukubwa, mmoja mbele ya mwenziwe. Na mwaka ule ule, pamoja na Nicholas Majluf, akaeleza sababu: mkuu wa kampuni anajua asichokijua mnunuzi wa hisa.

Tuchukue mfano. Kampuni ina mali ambayo huenda ni milioni 200, huenda ni milioni 80, nusu kwa nusu. Mkuu anajua ni ipi, soko halijui. Kuna mradi wa kugharimu milioni 60 utakaoleta 70. Soko likikisia wastani, kampuni na faida ya mradi ni 150. Anayeleta 60 atapewa 60 katika 210, yaani sehemu mbili kwa saba. Sasa kama mali kweli ni 200, kampuni yote itakuwa 270, na wenyewe wa zamani watabaki na kama 193. Bila mradi wangekuwa na 200! Basi mkuu anaacha mradi mzuri upotee. Kama mali ni 80, wenyewe wanabaki na kama 107, wamefurahi. Soko nalo si jinga: likisikia hisa mpya zinauzwa, linajua ni yule wa 80, na bei inaanguka. Lakini akikopa 60, mkopeshaji analipwa 60 zake hali yoyote, na mwenye mali ya 200 anabaki na 210. Mradi umeokoka.

Kwa hiyo mwenye faida nyingi hakopi kwa sababu hana haja. Wala hakupuuza kodi, ameanza na fedha ya nyumbani tu.

Walioko Ghuba wanalo ushahidi mlangoni. Katika Imarati, kabla ya Juni 2023, kampuni nyingi hazikulipa kodi ya faida, kwa hiyo kinga ya kodi haikuwapo. Hata hivyo zilikopa, na Dubai World mwaka 2009 iliomba kusimamisha malipo ya madeni yake. Kodi peke yake haielezi deni lile.

Ila msidhani kuku wameshinda. Tofauti ya habari ni kubwa zaidi kwa kampuni changa na ndogo, kwa hiyo hizo ndizo zingekimbia hisa. Frank na Goyal, mwaka 2003, walikuta kinyume: kampuni ndogo za Marekani hutegemea sana hisa, na mpangilio ule unaonekana zaidi kwa kampuni kubwa. Mchanga hana faida ya kukinga wala mali ya kuweka rehani, na mizani ingekwambia mapema kwamba huyo asikope.

Basi kampuni ikiuza hisa mpya, msiseme moja kwa moja kwamba inaficha ubovu, na ikikopa msiseme ina akili. Ulizeni kwanza: faida yake yenyewe imeishia wapi?

Mwenye kunisahihisha, nipo, karibuni sana.