Kutoa maji kwenye chungwa: safari ya karne mbili

Msimu wa machungwa unapofika Handeni na Korogwe, malori hupakia mzigo kuelekea Dar es Salaam na Kenya. Mzigo huo kwa sehemu kubwa ni maji: katika kilo 100 za juisi, sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka ni kama kilo 11 tu. Kuyatoa maji hayo bila kuunguza juisi na bila kumaliza kuni kumewashughulisha mafundi kwa karne mbili.

Mwanzo ulikuwa kwenye miwa. Huko Louisiana, Marekani, watumwa walichota maji ya miwa yanayochemka kutoka sufuria moja hadi nyingine juu ya moto mkali. Wengi waliungua, na sukari ikawa nyeusi. Norbert Rillieux, mhandisi mwenye asili ya Kiafrika aliyezaliwa New Orleans mwaka 1806, alipata hataza mwaka 1843 na 1846 kwa mtambo wa vyungu vilivyofungwa na kuunganishwa. Mvuke unaotoka chungu cha kwanza hupasha cha pili. Humo hewa imenyonywa, shinikizo ni dogo, hivyo maji huchemka kwa joto la chini zaidi.

Turudi kwenye chungwa, tupige hesabu kwa tani moja ya juisi yake. Ina kilo 110 za vitu vilivyoyeyuka. Tukitaka ikolee hadi asilimia 65, itabaki kilo 169, maana yake kilo 831 za maji lazima zitoke. Chungu kimoja kitahitaji takribani kilo 900 za mvuke wa boila; vitatu vilivyoungana, karibu kilo 300.

Lakini harufu ya chungwa hupaa kabla ya maji kwisha, na juisi hubaki na ladha ya kupikwa. Huko Florida, MacDowell, Moore na Atkins waliikoleza juisi kupita kiasi kinachotakiwa, kwa joto dogo, kisha wakaizimua kwa juisi mbichi ili harufu irudi. Hataza yao ilitolewa mwaka 1948.

Miaka kumi na kitu baadaye, Loeb na Sourirajan huko Los Angeles walitengeneza utando unaopitisha maji na kuzuia vilivyoyeyuka. Hauhitaji kuchemsha, unahitaji pampu yenye nguvu. Tatizo ni kwamba kadiri juisi inavyokolea, ndivyo inavyoyang'ang'ania maji, na shinikizo la pampu lazima lipande. Katika asilimia 25 hadi 30 hivi, utando huishiwa nguvu. Nyama za chungwa nazo huuziba. Fundi hujua umeziba pale maji yanayopita yanapopungua ilhali pampu haijabadilishwa, na hapo huosha.

Kwa hiyo utando haujakiondoa chungu cha Rillieux. Tani yetu ikipita kwanza kwenye utando hadi asilimia 25, kilo 560 za maji hutoka bila moto, na chungu hubakiwa na kilo 271 tu. Anayefikiria kiwanda cha machungwa Handeni au Korogwe aanze na utando, kisha chungu kimalizie.