Noti ya Nane

Imba do, re, mi, fa, so, la, ti. Sasa nyamaza hapo hapo. Unasikia vile kimya kinakuwasha? Yeyote aliyeimba kwaya anajua kwamba ti inataka kwenda do, na hakuna aliyemfundisha kuitaka. Kinachonivutia mimi ni historia yake: hiyo hamu iligeukaje kuwa kitu cha kupimwa kwa namba?

Wazo lilitangulia kipimo. Mwaka 1956 Mmarekani Leonard Meyer alichapisha kitabu kuhusu hisia na maana katika muziki. Alidai kwamba hisia huzaliwa pale matarajio yanapocheleweshwa au kuzuiwa. Wimbo unakuahidi kitu, unakuzungusha, ndipo unakulipa. Wazo tamu, lakini ushahidi wake mwingi aliutoa kwenye nota zilizoandikwa, Beethoven akiwemo. Masikio ya watu wa kawaida yalikuwa bado hayajaulizwa.

Waliokuja kuyauliza ni Carol Krumhansl na mwalimu wake Roger Shepard, katika utafiti uliotoka mwaka 1979. Mbinu yao ni rahisi mpaka unashangaa mbona haikufanywa mapema. Unamchezea mtu skeli isiyokamilika, kama hiyo yetu inayokwama kwenye ti. Kisha unapiga noti moja tu, mojawapo ya zile 12 za oktavu (kwenye piano, hesabu nyeupe na nyeusi), na unamwuliza: hii imeimalizia vizuri kiasi gani? Anajibu kwa namba, 1 hadi 7. Unarudia hadi noti zote zipate alama.

Wenye mafunzo ya muziki waliipa do alama za juu. Wale wenye mafunzo madogo kabisa walifuata zaidi ukaribu wa sauti: noti iliyo jirani na ile ya mwisho ndiyo waliyoiona inafaa. Hapo kuna mtego. Baada ya ti, do ya juu iko nusu toni tu mbele, kwa hivyo utajuaje kama mtu ameichagua kwa sababu ni nyumbani au kwa sababu ni jirani?

Mwaka 1982 Krumhansl na Edward Kessler waliuzunguka mtego huo. Walitumia sauti zilizotengenezwa kwa kurundika oktavu nyingi pamoja, hivi kwamba sikio haliwezi kusema kama noti iko juu au chini. Badala ya skeli pekee, walipiga pia kodi (za gitaa, si za KRA). Katika meja, do ilipata wastani wa 6.35, so 5.19, mi 4.38. Noti zilizo nje ya skeli zilibaki huku chini, nyingi zikiwa kati ya 2.2 na 2.6.

Sasa tazama ti: 2.88 pekee. Ni mwanafamilia halali wa skeli, lakini inakaribia kuhesabiwa na wageni. Kwangu mimi hiyo ndiyo namba tamu kuliko zote, maana ndiyo ile kuwasha ya mwanzoni: noti ambayo sikio linakataa kuikubali kama mahali pa kukaa.

Lakini kipimo hiki kina udhaifu. Kinauliza noti inafaa kiasi gani baada ya kusikika, si ulichotarajia sekunde moja kabla. Mwaka 2000 Marc Leman alionyesha kwamba sehemu kubwa ya alama hizo inaweza kuelezwa na mwangwi wa sauti zilizotangulia kwenye kumbukumbu fupi, bila ujuzi wowote wa skeli. Ubishi huo una uzito, na haujaisha.

Halafu kuna lile fumbo la ngoma uliyoirudia mara mia. Unajua kabisa kodi inageukia wapi, mbona bado inakushtua? Jamshed Bharucha alijibu kwa kutenganisha matarajio mawili: moja linajua wimbo huu, lingine linajua nyimbo kwa jumla. Hilo la pili ni kaidi, haliambiliki. Ukilipigia so kisha la badala ya do, linaruka kila mara, hata kama mwenzake alishalionya.

Mwaka 2019 Vincent Cheung na wenzake walichukua mfuatano wa kodi kutoka nyimbo 745 zilizowahi kupanda chati za Billboard, wakaondoa melodi na maneno, na kompyuta ikakadiria kila kodi ilivyokuwa ya kushtua. Utamu haukupanda tu sambamba na mshtuko. Wasikilizaji walipokuwa na uhakika wa kinachokuja, walifurahia kupigwa chenga. Walipokuwa gizani, walifurahia kodi ya kawaida, ile inayowarudisha barabarani. Meyer alikuwa ameona nusu ya kwanza. Hiyo ya pili ilisubiri miaka 63.