Kasha likianguka kutoka kwenye kreni: tukio linapojieleza lenyewe

Tuchukue mfano. Ni siku ya gulio hapa Ilemba. Lori lenye kreni limeshuka kutoka Sumbawanga likiwa na mashine ya kukoboa mpunga, nayo imefungwa ndani ya kasha kubwa la mbao. Kreni inalinyanyua kasha ili kulishusha mbele ya duka. Mama mmoja anapita kando ya barabara na ndoo yake ya dagaa. Ghafla kasha linaachia na kuanguka, na kipande cha mbao kinamvunja mguu.

Miezi miwili baadaye mama huyo anataka kudai fidia. Anaambiwa: "Kama unadai kulikuwa na uzembe, thibitisha. Sema kosa lilikuwa lipi na lilifanywa na nani." Mama hajui. Hakuona kama mkanda wa kufungia mzigo ulikuwa umechakaa, kama ndoano haikufungwa sawasawa, au kama mwendesha kreni alivuta kwa haraka. Mkanda wenyewe ulichukuliwa na wenye lori siku ileile. Je, madai yake yameishia hapo?

Hapana. Sheria ina kanuni kwa ajili ya mtu kama huyu. Mawakili huiita kwa Kilatini res ipsa loquitur, yaani tukio linajieleza lenyewe.

Ilikotoka kanuni hii

Kesi maarufu zaidi ya kanuni hii inafanana sana na mfano wetu. Ofisa mmoja wa forodha alikuwa akipita kati ya maghala bandarini London. Magunia sita ya sukari yaliyokuwa yakishushwa kwa kreni yalimwangukia. Hakuweza kueleza kwa nini yalianguka, na mara ya kwanza alishindwa kwa sababu hiyo hiyo: jaji alisema hakuna ushahidi wa uzembe. Mwaka 1865 mahakama ya juu ilikubali kesi isikilizwe upya. Miaka miwili kabla, mwaka 1863, kulikuwa na kesi nyingine ya pipa la unga lililomwangukia mpita njia kutoka ghorofani huko Liverpool, na uamuzi ulielekea upande huohuo.

Kanuni hizi ziliingia Tanzania kupitia sheria yetu inayoruhusu mahakama kutumia kanuni za sheria ya Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira ya hapa. Mahakama za Afrika Mashariki zimeitumia kanuni hii mara nyingi, hasa katika ajali za mabasi yaliyoacha barabara bila sababu inayoonekana.

Mdai anaonyesha nini

Kwa kawaida anayedai ndiye anayethibitisha. Kanuni hii haiondoi wajibu huo. Inachofanya ni kuruhusu ajali yenyewe iwe ushahidi wa uzembe, iwapo mambo matatu yapo.

La kwanza, ajali iwe ya aina ambayo kwa kawaida haitokei watu wakiwa waangalifu. Kasha lililofungwa vizuri, kwenye kreni nzima, halianguki tu.

La pili, kitu kilichosababisha ajali kiwe mikononi mwa mdaiwa au wafanyakazi wake. Katika mfano wetu, kreni, mkanda, ndoano na mwendeshaji vyote ni vya mwenye lori. Mama hakugusa chochote. Kosa la mfanyakazi akiwa kazini humfikia mwajiri wake, kwa hiyo mwenye lori ndiye anayedaiwa.

La tatu, chanzo halisi cha ajali kiwe hakijulikani. Kama shahidi aliona mkanda uliokatika nusu ukitumiwa hivyohivyo, basi hakuna haja ya kanuni hii. Mama ataeleza kosa lenyewe, na hiyo ni njia imara zaidi.

Mdaiwa anajibu nini

Mambo hayo matatu yakiwepo, mwenye lori anatakiwa kutoa maelezo. Mwaka 1968, katika kesi iliyohusu kampuni ya mabasi ya Embu, Kenya, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba mdaiwa hujinasua akionyesha kuwa ajali ina chanzo kingine kinachowezekana ambacho si uzembe wake.

Kusema tu "hata sisi hatujui ilikuwaje" hakutoshi. Lakini akileta kumbukumbu za ukaguzi wa kreni, akaonyesha mkanda ulikuwa mpya na unafaa kwa uzito ule, na kwamba ulikatika kwa kasoro ya kiwandani ambayo hakuna ukaguzi wa kawaida ungeiona, anaweza kushinda. Vilevile akithibitisha kuwa gari la mtu mwingine liligonga lori wakati kasha likiwa juu. Hapo mzigo wa kuthibitisha uzembe unabaki kwa mama bila msaada wa kanuni hii.

Kanuni inapokwama

Shida kubwa huwa kwenye lile jambo la pili. Tuseme kreni ni ya mtu mmoja, lakini kasha lilifungwa na vibarua wa mwenye duka. Sasa nani alikuwa na mamlaka juu ya mzigo? Mwenye kreni atamnyooshea kidole mwenye duka, naye atarudisha kidole. Katika hali hiyo ni busara kuwadai wote wawili katika kesi moja, badala ya kumchagua mmoja na baadaye kuambiwa umekosea.

Pia, kama mama alionywa asipite chini ya mzigo naye akapita, fidia inaweza kupunguzwa kulingana na sehemu yake ya kosa.

Na kanuni hii inahusu uzembe tu. Haithibitishi maumivu wala gharama. Dagaa waliomwagika, nauli ya kwenda hospitali na dawa vinahitaji stakabadhi.

Mambo ya kufanya mapema

Ajali inajieleza pale tu mahakama inapoweza kuiona ilivyokuwa. Kwa hiyo piga picha za kasha, mkanda, ndoano na namba za lori kabla havijaondolewa. Andika majina na simu za walioona. Ripoti polisi upewe fomu ya PF3, na tunza nakala yake pamoja na karatasi zote za hospitali.

Muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Kwa kawaida madai hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi. Hati ya madai ieleze tukio lenyewe kwa ukamilifu na iseme wazi kwamba mdai anategemea kanuni hii, ili mdaiwa asije akadai ameshtukizwa. Asiye na fedha za wakili anaweza kumwona msaidizi wa kisheria wa eneo lake.

Aliyeumia akiwa kibarua wa mwenye lori ana njia nyingine. Mfanyakazi aliyeumia kazini hudai kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na huko haulizwi uzembe ulikuwa wa nani. Kanuni tuliyoeleza leo inamfaa zaidi yule aliyekuwa akipita tu na ndoo yake ya dagaa.